Nicht inakusumbua? Tuanze na dalili

Januari hii kuna mdogo wangu mmoja anasoma Ausbildung ya unesi huko Ujerumani, kanitumia meseji saa nne usiku, "Dada niangalizie hii imeili kabla sijamtumia mwenye nyumba, nimeganda huku." Imeili yenyewe ina sentensi nne tu, na zote nne ni za kukataa, na zote nne zimeharibika, tena kila moja kwa namna yake. Nikacheka kwanza (nimeyapitia mwenyewe hayo), afu nikamwomba ruhusa niitumie kufundishia, akasema sawa ila jina langu usilitaje. Haya, ndo hii:

Ich habe nicht warmes Wasser.
Die Heizung nicht funktioniert.
Der Handwerker ist gekommen noch nicht.
Ich kann nichts schlafen in meinem Zimmer.

Alitaka kusema: sina maji ya moto, hita haifanyi kazi, fundi hajaja bado, siwezi kulala chumbani kwangu. Mjerumani angeelewa, sikatai, ila kwenye mtihani wa B1 hapo unakatwa kote kote, na kwa mwenye nyumba unaonekana kama mtu wa kuja jana.

Sasa kabla ya kugusa sentensi yoyote elewa kwanza ugonjwa unatoka wapi. Kiswahili chetu kinakataa kwenye kitenzi. Sina, sili, hafanyi, hajaja, hatutaki, yaani ukishabadilisha kichwa cha kitenzi umemaliza kazi, nomino huigusi kabisa. Sina gari, sina hela, sina kaka, gari na hela na kaka zimetulia palepale kama zilivyokuwa kwenye nina gari, nina hela, nina kaka. Kwa hiyo ukiingia kwenye Kijerumani kichwa chako kinatafuta kitu cha kubandika kwenye kitenzi, kinakutana na nicht, neno lao la kukataa, kinaibandika popote penye kitenzi, na hapo ndo shida zote zinapoanzia.

Dalili ya kwanza: unasema "Ich habe nicht Zeit", mtu anakurudishia "keine Zeit"

Hii ndo inayowapata wengi, na mtu anakurekebisha bila hata kujua anakurekebisha, anarudia tu sentensi yako kwa njia yake. Chanzo ni kwamba umekataa kitenzi mahali ambapo Mjerumani anaikataa nomino.

Kipimo chake ni rahisi. Irudishe sentensi kwenye hali ya kukubali, afu tazama kilichosimama mbele ya nomino. Kama kuna ein au eine, au hakuna kitu chochote, basi ukikataa unatumia kein. Kama kuna der, die, das, au mein, dein, au dieser, au ni jina la mtu, hapo kein haiingii, unatumia nicht.

"Ich habe ein Auto", kuna ein, kwa hiyo "Ich habe kein Auto". "Ich habe Zeit", mbele ya Zeit pako wazi, kwa hiyo "Ich habe keine Zeit". "Ich finde den Schlüssel", kuna den, kwa hiyo "Ich finde den Schlüssel nicht". Kein ni ein iliyobandikwa k mbele, basi, ukiifuta ile k unaona ein yenyewe imekaa pale. Kwa hiyo mahali ambapo ein haiwezi kukaa kwa sababu kuna mwingine kashakaa (das, mein), kein nayo haina kiti.

Angalia hapa Kiswahili kinavyotudanganya. "Huyu si mwalimu" na "Huyu si mwalimu wangu", sisi kote ni "si", hatuoni tofauti. Mjerumani anaona mbili: "Das ist kein Lehrer" na "Das ist nicht mein Lehrer". Ya kwanza inasema huyu hayumo kwenye kundi la walimu, ya pili inasema mwalimu ninaye, sema siyo huyu.

Ukiweka kivumishi katikati, kipimo hakibadiliki. Mdogo wangu aliona neno "warm" ndo liko jirani, akasema nalikataa hilo, akaandika nicht warmes Wasser. Lakini warmes ni mgeni tu wa Wasser, nomino bado ni ileile na mbele yake pako wazi, kwa hiyo "Ich habe kein warmes Wasser". Nicht ingefaa kama kivumishi kimesimama peke yake upande wa pili wa sein: "Das Wasser ist nicht warm". Zisome hizo mbili kwa sauti mara tatu nne hivi, sikio litashika.

Kuna ugonjwa mdogo unaokuja baada ya kupona huu, mtu kashajua kein lakini anaiacha uchi: "Ich habe kein Termin". Kein inavaa mkia uleule ambao ein ingevaa, na kwenye haben, brauchen, finden na wenzao nomino iko akuzativi, na akuzativi inawasumbua wa kiume peke yao. Der Termin, kwa hiyo keinen Termin. Keinen Hunger, keinen Platz, keinen Führerschein, keinen Bruder. Za kike na za das hazibadiliki, keine Zeit, kein Geld. Wingi ni keine, keine Kinder, japo ein yenyewe haina wingi. Ukiwa dirishani kwenye ofisi ya mji na unataka kusema sina miadi, ile "en" ya keinen isikike, usiimeze.

Na yale mabishano ya "Ich spreche nicht Deutsch" na "Ich spreche kein Deutsch", au "Ich bin nicht Arzt" na "Ich bin kein Arzt", usipoteze usingizi. Zote zinasemwa. Ukiwa hujui utumie ipi weka kein. Zile nomino ambazo zimeshaganda na kitenzi mpaka zimekuwa tendo moja, kama Auto fahren, mtu atakwambia "Ich fahre nicht Auto" maana yake mimi siyo mtu wa kuendesha, hiyo nayo iko sawa. Nomino ikiwa na kihusishi mbele yake, mit, zu, nach, au ina als, kimbilia nicht: "Ich gehe nicht zu Fuß", "Ich arbeite nicht als Kellner".

Dalili ya pili: nicht imekaa mbele ya kitenzi

"Die Heizung nicht funktioniert." "Ich nicht komme." Hii ni Kiswahili kitupu kimevaa koti la Kijerumani, ha-ifanyi kazi, si-ji, kiambishi kinatangulia kitenzi basi na nicht nayo inatangulia. Haiwezekani, kwa sababu kwenye sentensi ya kawaida kitenzi kilichonyambuliwa kinakaa nafasi ya pili na hakuna anayekiingilia kati yake na kile cha kwanza. Die Heizung ni moja, funktioniert ni mbili, afu ndo wengine: "Die Heizung funktioniert nicht".

Kuna kitu hapa kinawachanganya watu wasikivu hasa. Unaweza kuishi na Wajerumani ukasikia kila siku "weil die Heizung nicht funktioniert", "dass er nicht kommt", ukasema mbona wenyewe wanaitanguliza? Wanaitanguliza kwa sababu baada ya weil, dass, wenn, kitenzi kinatupwa mwisho kabisa wa kipande, nicht haijasogea popote. Hii ishike maana ndo ufunguo wa sehemu inayofuata: nicht imekaa palepale, kitenzi ndo kinatembea.

Dalili ya tatu: umeambiwa "weka mwisho", ukaweka mwisho, bado ni kosa

Hii inatokana na ushauri mbovu ambao hata mimi nilipewa mwanzoni, "nicht weka mwisho wa sentensi". Kwa "Ich komme heute nicht" unafanya kazi, kwa "Ich liebe dich nicht" unafanya kazi, afu siku unatoa "Ich bin müde nicht" watu wanakutazama.

Mi nimeacha kufundisha mwanzo na mwisho. Nafundisha kamusi. Kwenye kamusi ya Kijerumani tendo linaandikwa kitenzi kikiwa mwisho: müde sein, nach Hamburg fahren, auf den Bus warten, den Schlüssel finden, die Mutter anrufen. Hapo ndo nyumbani kwao kitenzi, kule nafasi ya pili anaenda kutembea tu. Kwa hiyo fanya hivi: andika tendo lako kikamusi kwanza, tia nicht humo, afu ndo ukitoe kitenzi ukipeleke nafasi ya pili, na usiguse kitu kingine.

Swali linabaki moja, nicht humo ndani ya kikamusi inakaa mbele ya nini. Inakaa mbele ya kitenzi pamoja na chochote kilichogandana nacho. Müde sein ukiondoa müde inabaki "kuwa", kuwa nini? Haina maana, kwa hiyo müde kimeganda: nicht müde sein, "Ich bin nicht müde". Nach Hamburg fahren, safari bila unakokwenda si ileile, kimeganda: "Ich fahre nicht nach Hamburg". In Köln wohnen, kuishi lazima uishi mahali, "Ich wohne nicht in Köln". Auf den Bus warten, ile auf ni ya warten yenyewe, "Ich warte nicht auf den Bus". Gut schlafen, jinsi ya kulala, "Ich schlafe nicht gut". Na gern hivyohivyo, "Ich koche nicht gern".

Vingine vinapita mbele ya nicht bila shida. Kitu kinachojulikana kama den Schlüssel au dich, wakati kama heute na gestern, na vile vineno vya kutoa maoni, leider, vielleicht. Den Schlüssel nicht finden, "Ich finde den Schlüssel nicht". "Ich komme heute leider nicht."

Tufanye moja ndefu polepole, Sikumpigia mama jana. Kikamusi: meine Mutter gestern anrufen. Mama anajulikana, jana ni wakati, wote wanatangulia, nicht inakaa mlangoni kwa kitenzi: meine Mutter gestern nicht anrufen. Ni ya zamani, kwa hiyo anrufen inakuwa angerufen na haben inakuja nyuma yake: meine Mutter gestern nicht angerufen haben. Sasa nyofoa haben peke yake, inyambulishe, ipeleke nafasi ya pili: "Ich habe meine Mutter gestern nicht angerufen". Umeona? Nicht hujaigusa tangu uiweke. Ukitaka ya sasa, nicht anrufen, unanyofoa rufe, ile an inabaki nyumbani kwake: "Ich rufe meine Mutter heute nicht an". Watu wengi wanaandika "rufe … an nicht" kwa sababu ya ule ushauri wa mwisho mwisho.

Na hapo ndo fundi wa mdogo wangu anapopona. Noch nicht kommen, ikawa noch nicht gekommen sein (kommen inatumia sein, siyo haben), nyofoa sein: "Der Handwerker ist noch nicht gekommen". Kulala nako: in meinem Zimmer nicht schlafen können, nyofoa können, "Ich kann in meinem Zimmer nicht schlafen". Hapa nikiri, mahali ni pagumu kidogo, maana kulala siyo kama kuishi, chumba hakijaganda na kitenzi, kwa hiyo unaweza kusema pia "Ich kann nicht in meinem Zimmer schlafen". Ila hiyo ya pili inavuta akili kwenye chumba, kama vile unalala kwingine, kwa rafiki au jikoni. Ya kwanza inasema tu nikiwa mle usingizi hauji. Mi nilimwachia ya kwanza, akasema "dada kwani nikilala jikoni kwenyewe kuna joto?"

Dalili ya nne: unamaliza kusema, mtu anakusubiri uendelee

Sentensi yako haina kosa, lakini Mjerumani anakutazama kama bado hujamaliza. Umesema "Ich habe nicht das Buch gekauft". Kwa kipimo chetu das Buch ilitakiwa itangulie, "Ich habe das Buch nicht gekauft", sikununua kitabu, kwisha. Wewe umeichomeka nicht mbele ya kitabu chenyewe, na nicht ikitoka kwake ikasimama mbele ya neno, inalikataa neno hilo peke yake, kwa hiyo anasikia "siyo kitabu nilichonunua, bali…" anasubiri sondern. Sondern was? Vilevile "Ich komme morgen nicht" ni kesho siji, ila "Ich komme nicht morgen" ni kuja naja, siyo kesho tu, "sondern am Freitag". Kiswahili tungesema "sikununua kitabu" na "siyo kitabu nilichonunua", tunabadilisha sentensi nzima, wao wanaisogeza nicht hatua moja tu. Kwa hiyo ukiona mtu katulia anasubiri, jua nicht yako imesimama mbele ya neno ambalo hukutaka kulikataa.

Hapa pia ndipo "nicht ein" inaporuhusiwa. "Nicht ein Wort" ni hata neno moja, unaihesabu ile ein. Ukiwa huhesabu, kein.

Dalili ya tano: nichts mahali pa nicht, na kukataa mara mbili

"Ich kann nichts schlafen", hapo s moja tu imeharibu. Nichts ni kitu kizima, ni "chochote" iliyokataliwa. "Ich verstehe nicht" ni sielewi, "Ich verstehe nichts" ni sielewi chochote, zote zipo. Lakini schlafen haichukui kitu, huwezi kulala kitu, kwa hiyo nichts haina pa kukaa.

Sisi tunasema sijaona kitu, sijamwona mtu, hajawahi, tunakataa kitenzi na "kitu" inabaki kitu. Wao wanakataa ile kitu yenyewe na kitenzi wanakiacha: "Ich habe nichts gesehen", "Ich habe niemanden gesehen", "Ich war nie in Berlin". Ukiongeza nicht juu ya hapo, "Ich habe nichts nicht gesehen", umejikataa mwenyewe. Neno moja la kukataa linatosha kwa tendo moja.

Afu kuna zawadi moja ambayo wenzetu wa lugha nyingi hawana. Ile -ja- yetu ya sijala, hajaja, sijaoa, ndo noch nicht yenyewe. Sijala, "Ich habe noch nicht gegessen". Sijaoa, "Ich bin noch nicht verheiratet". Na kama kuna nomino iliyo wazi inageuka noch kein: sijapata visa, "Ich habe noch kein Visum". Kinyume chake ni ile "tena" yetu, sifanyi kazi tena, "Ich arbeite nicht mehr", sina hela tena, "Ich habe kein Geld mehr". Kila ukitaka kusema -ja- kwa Kijerumani mkono uende kwenye noch, hata ile "bado" yetu huhitaji kuitafsiri tena.

Basi imeili ikatoka hivi:

Ich habe kein warmes Wasser.
Die Heizung funktioniert nicht.
Der Handwerker ist noch nicht gekommen.
Ich kann in meinem Zimmer nicht schlafen.

Akatuma. Keshoye mwenye nyumba kapiga simu, "Haben Sie immer noch kein warmes Wasser?", mdogo wangu akajibu kwa kujiamini kabisa, "Ja." Kimya. Mzee akauliza tena, akajibiwa tena "Ja". Kwetu ukiulizwa "bado huna maji ya moto?" unasema ndiyo, yaani ndiyo sina, unamkubalia aliyeuliza. Kwao ja peke yake kwenye swali la kukataa inamwacha mtu hewani, hajui unayo au huna. Kama huna unasema "Nein, immer noch nicht". Kama maji yamerudi, wana neno la kazi hiyo tu, la kupindua swali lililokataa: "Doch, es geht wieder."